Stakabadhi haipimi mita: barua ya kisima kutoka Houston

Wazee wangu wa Iramba, mama zangu, ndugu zangu na wadogo zangu,

Tumekubaliana sisi arobaini tulio nje kuchanga shilingi 600,000 kila mmoja, yaani milioni 24, ili kijiji kipate kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Mmesikia pia kwamba fedha hazitatumwa zote kwa mpigo, na najua baadhi yenu mmenung'unika. Mjomba mmoja amenipigia kuniuliza kama tumeanza kuwaona wezi. Hapana, mjomba. Tunaogopa mwamba kuliko tunavyomwogopa mtu.

Ardhi yetu ni ya mwamba mgumu, na maji yake yamo kwenye mipasuko. Ukichimba juu ya mpasuko unapata maji. Ukichimba hatua hamsini kando yake unaweza kutoka na vumbi tupu. Ndiyo maana fedha ya kwanza, 1,200,000, ni ya mtaalamu wa maji ardhini atakayepitisha vifaa vyake na kutuonyesha pa kuchimba, na 300,000 ni ya vibali vya Bodi ya Maji Bonde la Kati. Hata hivyo kipimo chake hupunguza bahati mbaya tu, hakiiondoi. Kwa hiyo mkataba na mchimbaji utatenganisha bei: kutoboa ni shilingi 80,000 kwa mita, kuvika bomba, chujio na changarawe ni 40,000 kwa mita, na kuleta mtambo ni 1,500,000. Tumekadiria mita 90.

Tuseme shimo la kwanza limetoka kavu. Tutalipa kutoboa tu, milioni 7.2, wala hatutalipa bomba ambalo halikuingia. Ukijumlisha upimaji, vibali na nauli ya mtambo, tutakuwa tumetumia 10,200,000 na kubakiwa na 13,800,000. Mtambo ukiwa bado kijijini hautozwi nauli tena, hivyo tunaweza kuchimba shimo la pili, kulivika bomba na kulipima kwa 13,200,000. Pampu itasubiri, maana ni 4,200,000 pamoja na jukwaa lake la zege na sisi tutakuwa na laki sita. Tutalazimika kuchangishana upya 3,600,000. Nawaambia mapema ili siku hiyo ikifika pasiwe na wa kusema fedha zimeliwa.

Sasa ushahidi. Tutadai stakabadhi ya mashine ya EFD kwa kila malipo, na mimi mwenyewe nitaingiza namba yake ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz kabla ya kuiweka kwenye kundi. Proforma hatuipokei, wala karatasi yenye muhuri tu. Lakini stakabadhi inathibitisha kwamba mtu fulani amelipwa. Haisemi shimo lina mita 90 au 60, na katika kazi hii mtu hulipwa kwa mita. Picha ya kijana mwenye kofia ya plastiki akinyooshea mtambo kidole ndiyo kabisa, haisemi lolote.

Kwa hiyo naomba watu wawili wakae pale tangu rodi ya kwanza hadi ya mwisho, na si lazima wawe wasomi. Kabla ya kazi kuanza, wapime urefu wa rodi moja kwa futi kamba, halafu wahesabu kila rodi inayoshuka. Kama rodi ina mita 3, mita 90 ni rodi 30, ukitoa kipande kinachobaki juu ya ardhi. Udongo na unga wa mwamba unaotoka uwekwe chini kwa mafungu, fungu moja kila mita, kwa safu. Safu hiyo ikipigwa picha moja tu inasema mengi: rangi inapobadilika, maji yalipoanza kuonekana, na mafungu yako mangapi. Mabomba ya plastiki nayo yahesabiwe yakiwa bado chini, mazima mbali na yale yenye matundu ya chujio, kwa sababu yakishazama hakuna wa kuyahesabu. Mwishoni, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, mtu ashushe kamba yenye uzito hadi ifike chini, aivute na kuipima, video ikirekodiwa bila kukatwa. Kamba hiyo ndiyo itakayofungua malipo ya mchimbaji.

Baada ya hapo kisima kisafishwe, kisha kipimwe uwezo wake kwa kusukuma maji mfululizo saa 24. Hapa ndipo wengi hubana fedha, na sisi tumetenga milioni mbili. Fundi anatakiwa kuandika kina cha maji kabla ya kuanza, kinavyoshuka pampu ikifanya kazi, na kinavyopanda tena pampu ikizimwa. Nataka karatasi hiyo yenye saa na mita, si neno la kwamba maji ni mengi. Sera ya Maji ya 2002 ilisema kituo kimoja kihudumie watu 250, kila mtu lita 25 kwa siku: hizo ni lita 6,250. Pampu ya mkono ikitoa lita elfu moja kwa saa, ni zaidi ya saa sita za kupiga mkono bila kupumzika. Kisima kisichoweza kutoa kiasi hicho kitawagombanisha akina mama kwenye foleni. Na kama maji yanashuka chini ya mita 45 wakati wa kusukuma, pampu ya mkono ya Afridev haitufai. Kwa hiyo asiinunue mtu pampu kabla ya karatasi hiyo kufika, hata kama kuna mwenye duka anayeitoa kwa bei nzuri.

Jambo la mwisho ndilo zito kwangu. Mnayajua meno ya kahawia ya watoto wa mkoa wetu. Ni floraidi, na kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kiwango cha juu ni miligramu 1.5 kwa lita. Sampuli ichukuliwe mwishoni mwa zile saa 24, maji yakiwa yametulia, ndani ya chupa ya plastiki, ipelekwe kwenye maabara ya Wizara ya Maji. Sampuli ya vijidudu iende katika chupa ya maabara, ndani ya barafu, siku hiyohiyo. Vipimo hivyo ni 400,000. Floraidi ikizidi kiwango, hatutafunga pampu. Tutakuwa tumetumia 16,200,000 na kubakiwa na 7,800,000, na tutakaa pamoja kuamua tuanze wapi. Najua mtaniambia mifugo ingekunywa. Lakini pampu ikishafungwa, hakuna atakayemzuia mtoto mwenye kiu.

Kabla ya fedha ya kwanza kutoka, nahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaosema mwenye shamba lolote litakaloonyeshwa na mtaalamu ameridhia kutoa eneo, na kwamba kisima kitakabidhiwa kwa chombo cha watumia maji kilichosajiliwa RUWASA, ambacho kitakusanya fedha ya ndoo kwa ajili ya vipuri. Nahitaji pia majina ya wale wawili wa kuhesabu rodi. Mmoja awe mama anayechota maji mwenyewe.

Wenu,
Mweka hazina wa kundi, Houston