Je, Muumini Anaweza Kuiandika Historia ya Dini Yake?



Vijana wetu wanaotoka madrasa na kuingia vyuo vikuu hutuletea swali ambalo wazazi wengi hulipokea kwa wasiwasi. Wanapotaka kuandika juu ya Uislamu wa huku kwetu, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Usinge hadi Ujiji, huambiwa kuwa wao wako karibu mno na jambo lenyewe. Huambiwa kuwa anayeamini hutetea, na anayetetea hachunguzi. Wakirudi nyumbani huambiwa kinyume chake: historia ya Waislamu isiachwe mikononi mwa asiyesali, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wiki hii tumeona tulitazame swali hili kwa utulivu, kwa mifano miwili inayohusu njia yetu hii ya misafara.

Tuanze na anayetazama kutoka nje. Mwaka 1908 ilizuka barua katika mji wa Lindi, ikanakiliwa na kuenea miji ya pwani hadi kuingia bara. Barua ilisema kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, alimwota Mtume akisikitika kuwa umma umeacha ibada na kwamba Kiyama kimekaribia. Mwenye kuipeleka mbele aliahidiwa malipo, na mwenye kuificha alitishiwa adhabu. Maofisa wa Kijerumani walishtuka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia tu, nao waliona katika karatasi hii dalili ya uasi mwingine. Walipofuatilia nakala, mashaka yao yaliangukia Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule Rumaliza aliyewahi kuitawala biashara ya Ujiji.

Msomaji wetu, bila shaka umekwisha kutabasamu. Barua hii unaijua. Umewahi kuiona imetolewa fotokopi na kubandikwa, au umeipokea katika simu pamoja na agizo la kuituma kwa watu kadhaa. Wanavyuoni wameikanusha mara nyingi, akiwamo Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyeeleza kuwa ni ya uzushi. Aliyelelewa ndani ya Uislamu huitambua barua hii mara moja: ni waraka wa toba unaozunguka duniani kizazi baada ya kizazi. Hapa wa ndani ana faida ya kweli. Anajua ni karatasi ya aina gani, na kwa hiyo haulizi kwanza nani alipanga njama, bali kwa nini watu wa mwaka ule waliona maneno yale yanawahusu kiasi cha kuyanakili kwa mkono.

Hata hivyo tusijisifu upesi. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameandika juu ya wasia kama huo mwaka 1884, ulipokuwa ukizunguka miongoni mwa Waislamu wa visiwa vya Indonesia. Naye hakuuota wala hakurithi habari zake kwa babu. Aliusoma, akaulinganisha na mwingine wa namna yake, akaijua aina yake. Basi kilichowapoteza wale maofisa wa Lindi si kuwa nje ya dini tu. Walikuwa na hofu, na hofu iliwachagulia jibu kabla ya kusoma.

Na barua hiyo hiyo ina mtego wa wa ndani pia. Mwaka 1969 mwanahistoria B. G. Martin aliandika makala iliyoiunganisha harakati ya Kadiria na upinzani dhidi ya wakoloni, na barua hii ikawa sehemu ya hoja. Waislamu wengi tumeipenda tafsiri hiyo, kwa sababu inawafanya wazee wetu kuwa mashujaa. Lakini tazama ushahidi unatoka wapi. Habari za kuwa barua ilikuwa na mpangaji zimo katika majalada ya polisi waliokuwa na hofu, wale wale ambao katika mambo mengine tunasema hawakutujua. Hatuwezi kuwakataa wanapotutukana kisha tukawakubali wanapotusifu bila kujua. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mwandishi wa ndani aliyepotea: kipimo chake cha shahidi hubadilika kulingana na faida ya ushahidi.

Tugeukie sasa jambo zito zaidi, ambalo katika mkoa wetu huzungumzwa kwa sauti ya chini: utumwa katika misafara. Vitabu vya wamisionari vilimchora kila mfanyabiashara Mwislamu kuwa mwinda watu na kila mpagazi kuwa mtumwa. Baadhi yetu tumejibu kwa kusema kuwa habari yote ni uzushi wa wamisionari. Je, muumini mwanahistoria aandike nini?

Tunaye shahidi wa ndani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Unguja. Baba yake, Muhammad bin Juma, aliishi Tabora na kuoa binti wa mtemi Fundikira. Huyu basi ni mtu wa njia yetu hasa. Humo anasimulia bila kuficha vita vyake na chifu Nsama, pembe alizozipata na watu waliotekwa. Anasimulia pia jinsi alivyobuni undugu wa uongo ili mzee Kasongo Rushie amkabidhi utawala.

Aliyesoma fikihi ana chombo cha kulipima hili. Madai ya hasimu hayakubaliwi bila ushahidi. Kwa hiyo maneno ya mmisionari aliyekuwa akichangisha fedha Ulaya yanahitaji kuthibitishwa. Lakini ikrari, yaani mtu kukiri jambo linalomdhuru yeye mwenyewe, ni hoja yenye nguvu juu yake. Tippu Tip amekiri, na hatuna njia ya kusema kuwa amezuliwa. Fikihi hiyo hiyo inatufundisha kuwa ikrari humfunga aliyekiri peke yake. Ukiri wa mfanyabiashara mmoja hauwi hukumu juu ya kila aliyekuwa na tasbihi mkononi katika njia ile.

Ndipo uchunguzi unapoanza kuzaa matunda. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka misafara yao pwani kabla wafanyabiashara wa pwani hawajapanda kuja Unyanyembe. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru anayefanya kazi kwa ujira. Alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, alilipwa kwa nguo, alidai posho yake, na asipotendewa haki aliuacha mzigo akaenda zake. Anayeandika kuwa wapagazi wote walikuwa watumwa amekosea, na huyo mara nyingi ni wa nje. Lakini katika Tabora hiyo hiyo mashamba na nyumba nyingi zilihudumiwa na watumwa. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mara moja. Waliamuru tu kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Anayeandika kuwa haukuwapo amekosea, na huyo mara nyingi ni wa ndani. Nyani haoni kundule.

Tena neno "ndani" lenyewe linahitaji kufunguliwa. Katika safu moja ya msikitini wanaweza kusimama mjukuu wa mfanyabiashara, mjukuu wa mpagazi, na mjukuu wa aliyeletwa kutoka Manyema akiwa amefungwa. Wote ni Waislamu, lakini kila mmoja amerithi riwaya yake. Mwandishi akisikiliza nyumba moja tu, atakuwa ndani ya dini na nje ya nusu ya historia yake.

Chukua mfano wa kijana anayeambiwa na mzee kuwa ukoo wao ulifanya biashara ya chumvi na nguo tu. Asimbishie mzee, wala asiandike hapo hapo. Amuulize kwa adabu: babu, habari hii uliipokea kwa nani, naye kwa nani? Kisha aulize nyumba nyingine isiyo na maslahi na jibu. Kisha aitazame nasaba. Mara nyingine wanaume hutajwa kwa majina matatu au manne, lakini bibi mmoja hutajwa kwa jina moja tu, bila baba wala kwao. Kwa sharia, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru na hurithi, hivyo jina la baba lilitosha na la mama likasahauliwa. Jina pweke la bibi si uthibitisho wa utumwa, kwani wanawake wengi huru pia wamesahauliwa. Lakini ni mahali pa kuuliza tena. Mtu wa nje asingejua hata kuwa hapo pana swali.

Yako mambo ambayo historia haiyafikii. Ikiwa wafuasi walisimulia karama ya sheikh wao, mwanahistoria ataandika kuwa walisimulia hivyo, na tangu lini. Kuacha kuthibitisha si kukanusha. Kadhi naye huhukumu kwa yaliyothibiti mbele yake, na ya ghaibu humwachia Mjuzi wa ghaibu. Imani haipungui kwa hilo.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imamu Bukhari, aliulizwa juu ya baba yake mzazi, aliyekuwa akipokea hadithi. Kwanza aliwaambia wamuulize mtu mwingine. Walipong'ang'ania, aliinamisha kichwa, kisha akasema kuwa hii ni dini, na kuwa baba yake ni dhaifu katika upokezi. Hakuwa adui wa baba yake, wala hakutoka nje ya dini ili aseme kweli. Dini ndiyo iliyomlazimisha. Na Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu katika ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Basi jibu letu kwa vijana ni kuwa muumini anaweza, kwa sharti la al-Madini: awe tayari kuandika "dhaifu" mbele ya jina analolipenda. Na kwa wazazi tuna ombi moja. Mtoto akija na daftari kuuliza habari za ukoo, msimpe majina ya mababu tu. Mpeni na majina ya mabibi, na mahali walikotoka, hata pale palipofichwa.

Wallahu aalam.