Miwani ya mzee ichaguliwe kwa mikono yake



Ndugu msomaji, mzee mwenye kudumisha Sala huvua miwani yake mara nyingi kuliko mtu mwingine nyumbani. Huivua anapotawadha, na wengi huivua tena wanaposimama kusali, kwa kuwa fremu kubwa huzuia paji la uso na pua kufika chini wakati wa kusujudu. Tukihesabu Sala tano za faradhi peke yake, miwani hiyo hutoka usoni na kurudi mara tano kwa siku, nayo kwa mwaka ni zaidi ya mara 1,800. Kila mara kazi hiyo hufanywa na mikono. Ikiwa vidole vimekakamaa, au kumbukumbu imeanza kupungua, miwani itavunjika au itapotea hata kama kipimo cha macho kilikuwa sahihi.

Nayaandika haya kwa sababu yametufika nyumbani, hapa Rungwe Mpya. Mama yetu anakaribia miaka 75. Viungo vya vidole vyake vimevimba, na asubuhi za baridi ya milimani hawezi kukutanisha kidole gumba na cha shahada kwa nguvu. Aidha, tangu mwaka uliopita amekuwa akiuliza swali lile lile mara mbili au tatu kabla ya chai kupoa. Mbali anaona vyema. Kinachomshinda ni karibu, yaani msahafu, kuchagua maharage na kutia uzi kwenye sindano. Tulimpeleka Kasulu mjini akapimwa, akaandikiwa lenzi za kusomea za +3.00. Kisha mimi na dada yangu tukamchagulia fremu. Tulichagua ya chuma king'aacho, yenye lenzi kubwa za kioo, kwa kuwa ilimpendeza usoni.

Haikupita miezi miwili miwani ikawa imepinda. Upande wa kulia ulishuka, naye akalalamika kuumwa kichwa. Baadaye akaacha kuivaa kabisa, na tukawa tunaiokota kando ya birika, juu ya kuni, na mara moja ndani ya ungo wa maharage. Nyumbani tulianza kusema kwamba mama amekuwa mkaidi.

Fundi miwani mmoja, mtu mzima, ndiye aliyetufumbua macho. Hakuigusa miwani kwanza. Alimwambia, "Shikamoo mama. Hebu ivue, kisha uivae tena, nikuone." Akamrudisha kufanya hivyo mara tatu. Ndipo akanigeukia akasema, "Umemwona mama anavyoivuta kwa mkono mmoja? Fremu hii inataka mikono miwili, na mikono miwili mama hana."

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulitazama kabla ya kutoa fedha. Mkae mzee kitako dukani, mpe miwani ikiwa imekunjwa kama itakavyokuwa nyumbani, kisha usimsaidie. Aifungue, aivae, aivue na kuiweka mezani, mara tatu. Akiishika kwenye kioo badala ya kijiti, akiivuta upande mmoja, au kijiti kikimchoma karibu na jicho, fremu hiyo si yake, hata iwe nzuri namna gani. Kisha ainame kama anayerukuu. Miwani ikiteleza mpaka ncha ya pua, haijakaa. Mwishowe aivae kwa muda wa robo saa, halafu itazameni ngozi ya pua na nyuma ya masikio. Alama nyekundu isiyofutika upesi ni dalili ya uzito au ya kubana.

Tukianza na uzito, sehemu kubwa yake hutoka kwenye lenzi. Lenzi ya kioo huwa na uzito unaokaribia mara mbili ya lenzi ya plastiki yenye ukubwa na unene ule ule. Kuzitofautisha si vigumu: igonge taratibu kwa ukucha. Kioo hulia sauti kali na nyembamba, na ukikigusisha shavuni ni baridi. Plastiki hutoa mlio uliofifia, wala haina ubaridi ule. Ukubwa nao una athari. Lenzi za kusomea hunenepa katikati, na kadiri fremu inavyokuwa pana ndivyo katikati inavyozidi kuwa nene. Ndani ya kijiti cha miwani huandikwa namba tatu, kwa mfano 54, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni nafasi iliyo juu ya pua, na ya tatu ni urefu wa kijiti. Fremu ya kwanza ya mama ilikuwa ya 54. Tuliyomnunulia baadaye ni ya 48, ya plastiki laini inayokunjika kidogo bila kukatika, na lenzi zake ni za plastiki. Mama mwenyewe alipoipokea aliuliza kama kweli ina vioo ndani.

Plastiki ina ila yake: huchubuka upesi. Vumbi letu jekundu likifutwa kavu kwa ncha ya kanga huacha mikwaruzo, na baada ya miezi michache mzee huona ukungu. Dawa yake ni kuisuuza miwani kwa maji kabla ya kuifuta, kwa sabuni kidogo ikiwa ina mafuta. Sisi tumeliunganisha jambo hili na udhu: mama akitawadha, mjukuu aliye karibu huimwagia miwani maji ya birika, kisha huikausha kwa kitambaa laini cha pamba.

Jambo la pili ni namna miwani inavyoshika. Fremu nyingi za chuma zina vipande viwili vidogo vya kulalia puani, vilivyowekwa kwenye vijiwaya. Mwenye vidole vizima hunufaika navyo, kwa kuwa fundi huvirekebisha vikaendana na pua. Lakini mzee asiye na nguvu vidoleni huisukuma miwani kwa kidole gumba, akavikandamiza vijiwaya vile, na upande mmoja ukashuka. Hicho ndicho kilichompata mama, na ndicho kilichomletea maumivu ya kichwa, kwani lenzi zilikuwa haziko tena mbele ya macho mahali zilipopimwa. Fremu ambayo daraja lake la puani ni kipande kimoja na mwili wake haina kitu cha kupinda. Sharti ni kwamba daraja hilo lienee puani kwa upana, maana likikaa kwenye ncha mbili tu litaumiza.

Halafu kuna bawaba. Bawaba yenye springi huruhusu kijiti kufunguka nje zaidi ya kawaida, kisha kikarudi. Kwa anayevua kwa mkono mmoja huo ni msaada mkubwa, kwa sababu nguvu inayovuta upande mmoja humezwa na springi badala ya kuipinda fremu. Hata hivyo, springi ikikatika si kila fundi wa huku ana kipuri chake, ilhali bawaba ya skrubu ya kawaida hurekebishwa kirahisi. Sisi tulichagua springi, tukakubaliana kwamba skrubu zikazwe kila tunapokwenda mjini. Ukikishika kijiti nacho kikaanguka chenyewe, skrubu imelegea.

Kwa wazazi wetu wa kike lipo la ziada. Kijiti hupita kati ya mtandio na kichwa. Kijiti kipana, au chenye ncha iliyopinda sana kama ndoana, hunasa kwenye kitambaa, na mama asiye na nguvu huvuta mpaka kitu kikatike. Tafuta kijiti chembamba, laini, chenye mpindo mdogo unaoanzia nyuma tu ya sikio. Na umjaribishie akiwa amevaa mtandio wake.

Jambo la tatu ni kumbukumbu, na hapa kanuni inageuka. Kwa mikono tulitafuta kitu kipya. Kwa kumbukumbu twahitaji kitu kilichozoeleka. Mzee aliyeanza kusahau huitambua miwani yake kwa umbo. Ukimbadilishia ya duara kwa ya pembe, aweza kukwambia kwamba hii si yake, naye hadanganyi. Kwa hiyo tulichukua umbo lililokaribiana na la zamani, ila rangi tukaifanya nyekundu iliyokoza, kwa kuwa miwani isiyo na rangi haionekani juu ya mkeka wala juu ya kanga yenye maua. Kile kikasha cha chuma kinachofunga kwa nguvu tulikiacha, mana vidole vyake havikiwezi. Fundi cherehani alimshonea kifuko cha kitambaa cha rangi ile ile, chenye mdomo mpana, nacho kimetundikwa kwenye msumari karibu na birika. Mahali ni pamoja tu, na hapahamishwi.

Kamba ya shingoni tuliijaribu, nayo inafaa anapoketi kusoma. Anapoinama jikoni huning'inia karibu na moto, basi hapo huvuliwa. Kamba yenyewe iwe ya kuchomoka ikivutwa, isije ikamkaba.

Wapo watakaoshauriwa lenzi zenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu. Kwa mzee anayesahau, tena anayetembea kwenye njia zetu za miteremko, nasema tahadhari. Akitazama miguu yake huona kupitia sehemu ya kusomea, na ardhi humjia ikiwa imefifia. Ngazi moja yatosha kumwangusha. Mtu mwenye akili timamu hujifunza kuinamisha kichwa, lakini aliyeanza kusahau huenda asijifunze. Ni salama zaidi awe na miwani ya kazi moja, na ile ya kusomea aivue kabla hajainuka.

Baki moja la kutahadharisha. Si kila anayeikataa miwani ana tatizo la fremu. Ikiwa lenzi ni safi na bado mzee asema anaona moshi, au taa humuumiza macho, yawezekana ni mtoto wa jicho, ambaye haondolewi kwa miwani bali kwa upasuaji. Apelekwe hospitali akapimwe. Jicho likiuma na kuwa jekundu, au uoni ukipotea ghafla, asingojee hata siku moja. Na akianza kuishika miwani juu chini bila kujua ifanyiwe nini, hilo ni la kumweleza daktari. Wakati huo usibishane naye. Ifungue vijiti, mwelekezee usoni, naye mara nyingi mikono yake itakumbuka.

Mama sasa ana miezi saba na miwani ile nyekundu. Imepotea mara moja, ikaonekana ndani ya kifuko chake msumarini, mahali ambapo sisi watoto hatukufikiria kutazama.