Kushinda kesi OMC si kulipwa

Antigua na Barbuda ni visiwa vidogo vya Karibea, vyenye watu kama laki moja. Mwaka 2003 visiwa hivyo viliishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani, OMC, kwa kuwazuilia wateja wake wa kamari za mtandaoni.

Kwanza pande mbili ziliitwa kuzungumza, maana sheria inatoa siku 60 za kutafuta maelewano. Yaliposhindikana, liliundwa jopo la waamuzi, kisha rufaa. Aprili 2005, Antigua ikashinda.

Matatizo yakaanzia hapo. Marekani haikurekebisha sheria zake kama ilivyotakiwa. OMC haina polisi wala mhukumu wa kukamata mali. Inaweza tu kumruhusu mshindi alipize, kwa kawaida kwa kupandisha ushuru. Lakini Antigua ikipandisha ushuru wa bidhaa za Marekani, atakayeumia ni mama anayenunua chakula dukani kisiwani. Ndiyo maana, Desemba 2007, iliruhusiwa njia nyingine: kutoheshimu haki miliki za Wamarekani, kama filamu na muziki, hadi dola milioni 21 kwa mwaka. Yenyewe ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni tatu.

Nchi za Afrika zilipendekeza mwaka 2002 kwamba anayeshindwa alipe fedha taslimu. Pendekezo halikupita. Kongo, mwanachama tangu 1997, ingepaswa kulirudisha mezani, kwa sababu sisi pia hatuna soko la kumtishia mkubwa yeyote.