Picha Hakuna, na Sitaweka

Wasee, tangu Jumatatu inboksi yangu imejaa maswali mawili tu. La kwanza, picha ziko wapi. La pili, mbona sitaji sakko. Kuna mmoja ameandika kwa komenti kwamba kapsheni yangu ni ya "mtu amelipwa anyamaze." Manze, sijalipwa hata nauli ya kurudi. Wacha nijibu hapa mara moja, kwa sababu ile kapsheni niliandika nikiwa kitandani na mkono mmoja, na kila neno nililipima.

Ilikuwa hivi:

"Niko hai. Jana jioni matatu niliyokuwa nimepanda iligongana na gari lingine karibu na Kikopey. Ninatibiwa na ninaongea. Asante sana kwa wachoma nyama, watu wa nduthi na akina mama wa barabarani waliotufikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Familia za abiria wengine bado zinapokea habari, kwa hivyo tafadhali usinitumie video na usisambaze. Nilichoona nitawaeleza polisi."

Basi. Hakuna damu, hakuna namba ya gari, hakuna jina la hospitali. Hospitali sikutaja makusudi, maana wodi si studio. Nikitaja, kesho kuna msee na simu mlangoni, na kitanda kilicho kando yangu kina mtu ambaye hajakubali kuonekana na yeyote.

Sasa angalia neno "iligongana." Kiswahili kina ujanja hapa ambao watu wa kuposti haraka hawauoni. Ukisema gari letu "liligonga" lile lingine, umeshahukumu dereva wetu. Ukisema "liligongwa," umehukumu yule mwingine. "Iligongana" inasema magari mawili yalikutana vibaya, na hapo ndipo ujuzi wangu unaishia. Hata ile lugha ya habari, "dereva alishindwa kudhibiti gari," inasikika pole pole lakini ni hukumu. Labda breki zilikataa. Labda tairi. Labda aliyekuja upande wetu ndiye aliovateki. Mimi nilikuwa siti ya tatu, dirishani, na kitu nilichokuwa naona ni mgongo wa siti ya mbele. Nilisikia honi ndefu, nikarushwa. Siwezi kukuambia tulikuwa tunaenda kilomita ngapi kwa saa, na abiria anayesema anajua ilhali hakuwa anaona dashibodi, anakisia.

Mtaniambia, "Lakini ukinyamaza unawalinda wenye matatu." Hii hoja naiheshimu, kwa sababu barabara zetu zinaua na mara nyingi kuna mtu wa kuwajibika. Lakini sikunyamaza. Kapsheni si mahali pa ushahidi. Mahali pake ni taarifa kwa polisi, yenye namba ya OB, na hiyo nimeandikisha: nilikaa wapi, nilisikia nini, honi ilitangulia au ilifuata, mvua ilikuwa inanyesha au la. Magari yanakaguliwa, barabara inapimwa, na kama kuna wa kushtakiwa, anashtakiwa. Nikiwa nimeshaandika kwa hasira kwamba "dereva alikuwa amelala," halafu kwa taarifa niseme sikumwona uso, wakili wa upande wa pili hahitaji kazi nyingi. Ataisoma posti yangu kwa sauti, na ushahidi wote niliotoa utaonekana wa uongo, hata ule wa kweli. Na fidia inayoweza kupotea hapo si yangu peke yangu. Kuna watu kwa lile gari wameumia kuniliko.

Pia kuna upande wa pili ambao hamuutaji. Sikuandika "ni mapenzi ya Mungu" wala "ajali haina kinga." Watu wengi hudhani hayo ni maneno ya upole yasiyolaumu mtu. Kumbe nayo ni hukumu, ila yanamwachilia kila mtu kabla gari halijakaguliwa. Mungu nimemshukuru, sana, lakini kwa kapsheni niliwataja watu, kwa sababu wao ndio walikimbia.

Na hapa ndipo nimekasirika kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yenu ameniuliza walifanya nini. Mmeuliza picha.

Kabla ya kugusa mtu, vijana wawili walikata matawi wakayapanga barabarani pande zote mbili, mbali na gari, ili wengine wasije wakatugonga pale pale. Msee mmoja wa nduthi alimuuliza makanga, "Mlikuwa wangapi?" Akaambiwa kumi na nne na yeye, akaanza kutuhesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Akarudia. Kumi na mbili. Wakaenda kutafuta wawili waliobaki, na wakawapata mtaroni, upande ambao giza lilikuwa limeshaingia. Kama hakungekuwa na mtu wa kuhesabu, sijui wangepatikana saa ngapi. Jamaa wa kuchoma nyama alikuja na lile koti lake jeupe, nusu ya abiria wakadhani ni daktari. Aliuliza tu kama gari limezimwa, akafukuza mtu aliyekuwa na sigara. Na mathe mmoja alipiga magoti kando yangu, akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akaniambia, "Mtoto wangu, usigeuke. Jibu na mdomo, usijibu na shingo." Alikaa hivyo mpaka ambulensi ikafika. Mkononi alikuwa amenifunga leso yake, na kila mtu aliyetaka kuifunua aangalie alimkemea: ukifunua unaanza upya.

Sasa niambie, picha ya kidonda changu ingekuonyesha lipi kati ya haya?

Kuna kitu kingine. Kijana mmoja alikuwa anaokota simu na mabegi yaliyotapakaa na kuyatia kwa gunia. Vitu vyote vilipelekwa kituo cha polisi, mimi mwenyewe nimepata simu yangu, ndiyo hii ninaandikia. Lakini kuna video inazunguka ya sekunde chache, na ndani yake anaonekana ameinama, anachukua simu chini. Komenti zinamwita mwizi. Uso wake uko wazi. Hii ndiyo sababu hata katika kushukuru sikuweka sura ya mtu. Nilisema wachoma nyama, nduthi, akina mama. Anayehusika anajijua, na wa jirani yake anamjua.

Na ile video ilifika mahali kabla ya simu ya polisi. Dada wa abiria mmoja aliitambua jaketi kwa stetasi ya mtu wa kanisa lao. Hivyo ndivyo alivyojua. Sitasema zaidi kuhusu hilo, ni habari ya familia yao kuitoa, si yangu.

Kwa hivyo ukiuliza tena picha, nitakubloku bila kukasirika. Kama wewe mwenyewe siku moja utaandika kapsheni kama hii, hakikisha kwanza simu zimepigwa, mwambie mathe yako kwa sauti yako, ndipo uposti.

Leso bado iko na mimi. Ni ya njano na mpaka mweusi, nimeifua mara mbili. Kama unauza vitu pale Kikopey na unamjua mwenyewe, niandikie inboksi. Usimtaje kwa komenti.