Azimio la Januari na Bei Yake

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, simu za wakazi na makarani wa Kiyovu hujaa salamu za aina mbili. Ziko za ndugu na jamaa, na ziko za wauza kozi. Hizi za pili huandikwa kwa herufi kubwa: "Mwaka mpya, lugha mpya!" "Mwaka huu usiahirishe tena!" "Zungumza Kiswahili kwa siku 30, dakika 10 tu kwa siku!" Sisi walimu tumezoea kuzipita kwa tabasamu. Mwaka huu tumeona hatuna budi kuzijibu, kwa sababu mmoja wa wanafunzi wetu amelipa, na kilichompata si jambo la kuchekwa.

Mama huyu ni karani katika ofisi ya usafirishaji hapa Kiyovu. Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda hupitia bandari ya Dar es Salaam na kuingia nchini kwa mpaka wa Rusumo. Kwa hiyo kazi yake ni kuongea na madereva na mawakala wa forodha, na lugha yao ni Kiswahili. Tangu Februari 2017, Bunge lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, wakubwa wake wamekuwa wakimwuliza amefikia wapi. Basi usiku wa kuamkia Januari alilitazama tangazo, akaiona saa inayohesabu dakika zilizobaki za punguzo, akalipa.

Tulimwomba atuonyeshe bei. Zilikuwa tatu. Ya mwezi mmoja dola 24, ya miezi mitatu dola 60, na ya mwaka mzima "dola 12 tu kwa mwezi", kando yake tarakimu 288 iliyopigwa mstari. Msomaji atulie hapa kidogo. Hizo 288 si bei iliyowahi kudaiwa kwa kozi ya mwaka. Ni 24 mara 12, basi. Nazo dola 12 kwa mwezi hazilipwi kwa mwezi. Hulipwa zote siku moja, dola 144. Sasa 144 ni sawa na miezi sita ya bei ya mwezi mmoja mmoja. Maana yake ni kwamba anayeacha kabla mwezi wa sita haujaanza amelipa zaidi ya yule aliyekataa punguzo.

Na mama huyu aliacha. Alisoma masomo 18 katika wiki sita, kisha mwezi wa hesabu za ofisi ukamfika. Ukigawa 144 kwa 18, kila somo lilimgharimu dola 8. Angalilipa mwezi kwa mwezi, miezi miwili ingalikuwa dola 48, yaani chini ya dola 3 kwa somo. Mwuzaji anajua, kama ajuavyo kila mwalimu wa darasa la jioni, kwamba chumba kilichojaa Januari huwa na viti vitupu Machi. Tofauti ni kwamba kiti kitupu kinamwumiza mwalimu anayelipwa kwa kila somo, ilhali kinamfaa yule aliyekwisha kupokea ya mwaka mzima. Hatusemi kwamba kila mwenye kozi ana nia mbaya. Twasema bei ya namna hii haimpi sababu ya kuuliza mwanafunzi wake kapotelea wapi.

Pigo la pili lilikuja mwaka uliofuata. Alikuwa ameifuta programu katika simu, akidhani yamekwisha. La hasha! Kuifuta programu hakusimamishi malipo yanayojirudia. Januari ilipofika, kadi yake ya benki ilikatwa tena, safari hii kwa bei kamili, kama ilivyokuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya kitufe. Aliyelipa kupitia Google Play sharti afungue orodha iitwayo Subscriptions na kusimamisha huko. Aliyelipa moja kwa moja kwa mwenye kozi, asimamishe katika akaunti yake ya kozi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: katika Google Play, kwa kawaida unaweza kusimamisha siku ile ile uliyolipa, na masomo yakabaki wazi mpaka muda uliolipiwa utimie.

Lakini fedha si kiini cha malalamiko yetu. Tuitazame ahadi yenyewe. Dakika 10 kwa siku 30 ni dakika 300, yaani saa 5. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachofundisha wanabalozi, hukadiria wiki 36 hivi za masomo ya kutwa ili Mwingereza au Mmarekani aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Mnyarwanda hahitaji muda wote huo. Kwa nini? Kwa sababu ngeli amezinyonya kwa mama. Asemaye *abantu babiri* na *ibintu bibiri* hashangazwi na watu wawili na vitu viwili. Wala hana haja ya kufundishwa saa, maana Kinyarwanda husema *saa moya, saa mbiri* kwa kuhesabu vile vile tangu macheo.

Tukafungua masomo yale 18. Manne yalikuwa ya kueleza ngeli ni nini, kana kwamba ni dudu la ajabu. Moja lilikuwa la saa. Mengine yalikuwa ya simba, tembo, na kuagiza chakula hotelini. Kozi ilitungwa kwa ajili ya mtalii wa Ulaya, ikatafsiriwa matangazo tu, ikauzwa Kiyovu. Yale yanayomkwaza Mnyarwanda hasa hayakuwamo hata kwa neno moja.

Nayo yapo. Kinyarwanda hakitenganishi *r* na *l*. Kwa hiyo karani wetu aliandikia Dar es Salaam kwamba madereva "wanataka kura", akimaanisha chakula, wala si uchaguzi. *Umuti* kwao ni dawa, na mti ni *igiti*. Mwanafunzi akisikia "mti umeanguka barabarani" huweza kudhani shehena ya dawa imemwagika. Baya zaidi ni *guteka*, yaani kupika. Siku moja aliandika, "Dereva ameteka chakula njiani." Wakala akapiga simu mara moja kuuliza kama polisi wamekwisha kuarifiwa.

Masomo matatu ya namna hiyo yangalimfaa kuliko yote 18. Na msemaji wa kumzoeza hayuko mbali: Nyamirambo na Biryogo, mahali ambapo Kiswahili kimesikika kwa vizazi, ni mwendo mfupi kutoka ofisini kwake.

Tukiri kosa letu pia. Baadhi yetu tumekuwa tukisambaza matangazo haya kwa wanafunzi, mengine kwa kupewa kitu kidogo kwa kila anayejiandikisha. Tangu sasa twataka mwalimu, kabla ya kulipitisha tangazo, aombe kuona somo la tano, si la kwanza ambalo hupambwa daima. Aulize kozi ilitungwa kwa wasemaji wa lugha gani. Atafute tarehe ya malipo yafuatayo na kiasi chake. Na kama ile saa ya punguzo inaanza upya anapofungua ukurasa kesho yake, amwambie mwanafunzi alivyoona.

Mama yule amesimamisha malipo. Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi, anakuja kwetu na barua zake za ofisi, nasi tunazisahihisha naye, *r* kwa *l*.