Kaboni ya takataka: kinachouzwa si mbolea

Kutoka Kalemie mpaka Piana-Mwanga, hesabu inayosikika ni moja: takataka iko mingi, tuigeuze mbolea, tuuze kaboni, feza itaingia. Wazo si baya, hata Uganda walishalijaribu. Lakini mbele ya kuhesabu dola, inafaa kujua kitu gani hasa kinauzwa.

Mnunuzi wa kaboni hanunui mbolea. Ananunua gesi ambayo haikutoka. Maganda ya muhogo na mabaki ya chakula yakifunikwa bila hewa, yanaoza na kutoa methani, ambayo kwa hesabu za leo inapasha dunia joto mara 28 kuliko gesi ya kaboni, kilo kwa kilo. Yakiozeshwa juu, yakigeuzwa-geuzwa ili hewa ipite, methani inakuwa kidogo sana. Tofauti kati ya hali hizo mbili njo bidhaa.

Basi swali la kwanza ni: bila mradi, takataka hii ingeenda wapi? Hapo njo miradi mingi inaanguka. Hesabu za kimataifa zinatofautisha jalala lenye kina cha mita 5 na zaidi na lundo fupi. Lundo fupi linapata hewa, kwa hiyo linahesabiwa nusu ya methani ya lile refu. Na takataka inayochomwa moto kandokando ya barabara haitoi methani ya kuoza. Hiyo sehemu inaondolewa kabisa. Mji ambao takataka yake imetawanyika na kuchomwa uko na uchafu mwingi, lakini kaboni ya kuuza kidogo.

Tuchukue tani moja ya mabaki ya chakula kwenye lundo fupi. Kwa vipimo vya kawaida, itatoa methani karibu kilo 20, ni sawa na kilo 560 za gesi ya kaboni. Lakini haitoki siku moja. Penye joto na mvua nyingi, mwaka wa kwanza inatoka karibu theluthi, ni kusema kilo 185. Na lundo la mbolea nalo linatoa gesi yake kidogo: makadirio ya kawaida yanakata karibu kilo 110 kwa kila tani, na yanakatwa mwaka huohuo. Zinabaki kilo 75. Bado hatujatoa mafuta ya malori, wala punguzo la mashaka ya hesabu yenyewe. Zingine zitahesabiwa miaka inayofuata, kama mradi ungali hai. Mishahara ya wafanyakazi haingoji miaka.

Swali la pili: mradi ungefanyika hata bila feza ya kaboni? Kama mbolea peke yake inaleta faida, ao kama sheria inalazimisha na inafuatwa kweli, hakuna cha kuuza, kwa maana kingefanyika tu. Kuna mtego hapa: meya anayejisifu kwa mkopeshaji kwamba mbolea itajilipa, anaharibu mwenyewe ombi lake la kaboni. Karatasi hizo mbili, mkaguzi atazisoma pamoja.

Uganda waliandikisha programu yao mwaka 2010, chini ya mfumo wa Kyoto. NEMA, ofisi ya taifa ya mazingira, iliunganisha miji kama Jinja, Mukono, Mbarara na Kasese, na Banki ya Dunia ilisaidia. Kuunganisha kulikuwa na akili: mji mmoja mdogo hauwezi kubeba gharama za wakaguzi. Lakini kuunganisha hakuondoi kazi ya kila mji. Kila lori linapimwa uzito. Takataka inachambuliwa kujua chakula ni ngapi, plastiki ngapi. Hewa ndani ya lundo inaangaliwa, maana lundo lisilogeuzwa linatoa methani ileile tuliyosema tunaizuia. Hata mbolea iliyouzwa inafuatwa: ikirudi kutupwa jalalani, itaoza tena bila hewa.

Ugumu huu si ubaya wa wakaguzi. Mtu hawezi kupima gesi ambayo haikutoka, anaikadiria tu kwa vitu vilivyopimwa. Mizani ikiharibika miezi mitatu, tani za miezi hiyo hazina ushahidi. Ukiona daftari lenye tani 10 kamili kila siku, hata siku ya mvua kubwa, ujue hakuna aliyepima. Mkaguzi naye atalijua. Halafu bei: baada ya 2012 hati za Kyoto zilishuka chini ya euro moja, na aliyekosa mkataba wa bei mapema aliumia.

Basi hatua ya kwanza kwa mji haiko kutafuta mnunuzi. Ni kupima kina cha jalala, kujua sehemu gani inachomwa, na kupima malori mwaka mzima. Mbolea inaweza kufaa kwa mashamba na kwa usafi hata hesabu ya kaboni ikitoka ndogo. Lakini hapo mji utafute feza ya uendeshaji kwa njia ingine, mbele lundo la kwanza halijapangwa.