Andikeni Bei Nzima ya Taa

Jirani yangu hapa Kilifi huanza kukaanga mahamri kabla ya adhana ya alfajiri. Mwaka jana alichukua taa ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo, maana koroboi ilikuwa ikimjaza moshi machoni na mafuta ya taa yakimla shilingi 20 kila usiku. Wakala alimwambia neno moja tu: "Ni shilingi 20 kwa siku, mama." Akaona hesabu ni ile ile, akaichukua.

Kusi lilipovuma, mumewe, ambaye ni mvuvi, alikaa wiki nyingi bila kwenda baharini. Malipo yakakatika, taa ikajifunga. Nilipomtembelea niliikuta imefungwa ndani ya kanga, imewekwa chini ya kitanda. Aliamini kwamba kila siku inayopita inamwongezea faini, na kwamba taa ikionekana itachukuliwa. Tukaisoma karatasi yake pamoja, mstari kwa mstari. Hapakuwa na faini. Siku asizolipa hazikumwongezea deni hata shilingi moja, zilisogeza mbele tu siku ya kumaliza. Siku ya soko angeweza kulipa shilingi 60, akapata mwanga wa siku tatu. Badala yake alirudi kwenye koroboi mwezi mzima, na betri ikakaa tupu, jambo linaloipunguzia nguvu.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaowaeleza watu mpango huu: mawakala, makatibu wa chama, wahudumu wa afya ya jamii, nanyi mnaotuma meseji kwenye makundi ya kijiji. Msianze na "shilingi 20 tu". Anzeni na bei nzima.

Chukueni mfano huu, ambao bei zake ni za kupigia hesabu tu. Taa inauzwa shilingi 3,400 taslimu. Kwa mkopo, malipo ya kwanza ni 500, kisha 20 kwa siku kwa siku 200. Mara 20 kwa 200 ni 4,000, ongeza 500, jumla ni 4,500. Basi anayelipa kidogo kidogo analipa 1,100 zaidi ya mwenye taslimu. Hiyo ndiyo bei ya kupewa muda, na huenda mtu akaikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa hana 3,400 za kutoa leo. Ila aikubali akiijua.

Halafu elezeni maana ya "siku 200". Ni siku zilizolipiwa, si siku za kalenda. Mtu akilipia siku tano katika kila wiki, atamaliza baada ya wiki 40, yaani siku 280. Wengi huweka alama kwenye kalenda, zikifika siku 200 wakadhani wamemaliza, kisha wakamwona wakala ni mwizi. Ugomvi huo huzuiwa kwa sentensi moja iliyoandikwa mapema.

Biashara hii iliwezekana kwa sababu ya pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na kufikia 2012 M-KOPA ilikuwa tayari ikiuza vifaa vya sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Kabla ya hapo, kumtuma mtu akusanye shilingi 20 mlango kwa mlango kungegharimu zaidi ya hizo 20. Siku hizi unalipa kwa simu, unaletewa meseji yenye tokeni, unaibonyeza kwenye taa, nayo inahesabu siku ulizonunua. Vifaa vingine vina laini ya simu ndani yake, vinajifungua vyenyewe.

Neno hilo "tokeni" huwachanganya watu, kwa kuwa wamelizoea kwenye stima. Tokeni ya stima hununua umeme, na usipowasha kitu haupungui. Tokeni ya taa hununua siku. Uiwashe usiiwashe, jua likizama siku imekwenda. Mwelezeni mnunuzi hivyo hivyo, ili anayesafiri wiki nzima asilipie wiki hiyo bure.

Taa ikigoma, kuna mambo mawili ya kutenganisha: imejifunga, au betri imeisha. Kila aina ya taa ina ishara yake ya kila hali. Mwombeni wakala azionyeshe zote mbili kabla mnunuzi hajaondoka dukani. Ikiwa siku bado zipo na taa haiwaki, tazameni paneli kwanza: huenda mti umeifunika kivuli, au vumbi limeganda juu yake. Ikiwa amelipa na tokeni haikuja, linganisheni nambari ya akaunti iliyo kwenye meseji ya malipo na ile iliyo kwenye karatasi ya taa. Tarakimu moja ikikosewa, pesa huweza kwenda kufungua taa ya mtu mwingine. Meseji hiyo isifutwe kamwe, ndiyo risiti.

Majiko nayo hutolewa kwa malipo ya kidogo kidogo, lakini yana mambo yake. Jiko la makaa lililoboreshwa halina kitu cha kulifunga, ni bati na udongo tu. Anayelitoa kwa mkopo hutegemea mdhamini au chama, na mmoja asipolipa, wenzake ndio watakaoulizwa. Hilo liandikwe wazi kabla ya majina kuorodheshwa. Jiko la gesi lenye mita ni jambo jingine tena. Mita hupima gesi inayotoka, ukilipa shilingi 50 unapata gesi ya shilingi 50, na usipopika haipungui. Lakini kwa kawaida mtungi na mita hubaki mali ya kampuni hata ukilipa miaka kumi. Kwa taa unalipa ili iwe yako, kwa gesi hiyo unalipa ili upike. Mkiyaita yote "lipa kidogo kidogo" bila kutofautisha, mtu atangoja siku ya kumiliki mtungi, na siku hiyo haitafika.

Tangazo zuri halizidi mistari michache. Hili ndilo tuliloandikia chama chetu, kwa mfano wa taa ile:

"Taa hii taslimu ni shilingi 3,400. Kwa kidogo kidogo ni 4,500 kwa jumla: 500 leo, kisha 20 kwa siku, siku 200 zilizolipiwa. Usipolipa taa inajifunga, deni haliongezeki. Ikikaa siku 60 mfululizo bila malipo, kampuni inaweza kuichukua. Ukimaliza utapewa tokeni ya mwisho, na taa haitajifunga tena."

Hizo siku 60 ni za karatasi ya mfano wetu. Zenu zisomeni kwenye mkataba wenyewe, na mkikuta haukuzitaja, ulizeni kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Ulizeni pia kama malipo ya kwanza hurudishwa taa ikichukuliwa, na kama muda wa dhamana unaendelea kuhesabiwa wakati taa imejifunga. Na tokeni ya mwisho ibonyezwe siku hiyo hiyo, taa ithibitishwe, kabla wakala hajahama kijiji.

Jirani yangu amebakiza siku 30. Karatasi yake sasa imebandikwa ukutani karibu na karai la mahamri, na kila akilipa anaweka alama ya kalamu. Ndugu zangu mnaoandika, mpeni kila mama karatasi anayoweza kuibandika ukutani na kuisoma mwenyewe. Bei nzima iwe mstari wa kwanza.